Magamba ya soriasisi yalipovuka mstari wa nywele

Soriasisi yangu ilikaa kichwani miaka kadhaa bila mtu wa nje kuijua, maana kilemba kinasitiri mengi. Kiangazi kimoja, vumbi la Mwanga hapa Kigoma limetanda na upepo mkavu unavuma, ikashuka. Kwanza ulitokea utepe mwembamba juu ya paji la uso, upana wake kama kidole, ukifuata mstari wa nywele mpaka panja la kushoto. Baadaye ikaingia nyuma ya masikio, kisha ukosini, pale ukosi wa shati unaposugua. Picha nyingi za ugonjwa huu zinaonyesha mabaka mekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi kama yangu baka lina rangi ya hudhurungi iliyokoza, wakati mwingine linaelekea zambarau, na juu yake gamba jeupe au la kijivu. Ndiyo maana watu wa kwetu wengi huliita mba sugu au mapunye, wakatibu kitu kingine kabisa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma. Mtu anayesimama mbele ya darasa na utepe mweupe kwenye paji la uso anaulizwa maswali kila siku, na jibu langu lilikuwa moja: haiambukizi. Hata tukichangia kitana, taulo au mto, hupati. Ni kinga ya mwili inayoihimiza ngozi ijitengeneze haraka kupita kiasi. Ngozi ya kawaida huchukua karibu mwezi mzima kutoka chini mpaka juu na kupukutika; yenye soriasisi huimaliza safari hiyo kwa siku chache tu. Seli zinafika juu hazijakomaa, zinabaki zimeshikana, na zinarundikana kuwa gamba.

Kichwani kuna jambo la ziada ambalo mgongoni au kwenye kiwiko halipo, nalo ni nywele. Gamba linapokua linauzunguka kila unywele unaopita katikati yake, tena linaushika sehemu ya chini kabisa, karibu na shina. Ukilivuta gamba, umevuta na nywele zote zilizomo ndani yake.

Hilo nililiona mwenyewe. Kabla sijafika kliniki ya ngozi, msusi mmoja alinikalisha chini akasema, "Dada, haya tunayatoa yote leo, rasta zitakaa vizuri." Alichukua kitana cha mkia, akaingiza ncha chini ya gamba na kulibandua. Lilitoka, kweli, likiwa na kishungi cha nywele chenye vitone vyeupe kwenye mizizi. Pale lilipotoka pakabaki ngozi inayong'aa, na baada ya muda mfupi vikachomoza vitone vya damu vidogo kama vya sindano. Vitone vile ni kawaida ya soriasisi: chini ya gamba ngozi ni nyembamba na mishipa midogo ya damu imesogea karibu na juu, hivyo ukibandua unaifikia. Kibaya zaidi kilikuja wiki mbili hivi baadaye. Mahali ambapo ncha ya kitana ilikuwa imechora mchirizi kwenye ngozi nzima, nje kabisa ya mabaka, palikuwa na baka jipya lililonyooka kama mchirizi wenyewe. Ngozi ya mwenye soriasisi ikijeruhiwa inaweza kuota ugonjwa palepale kwenye jeraha, na mara nyingi inachukua siku kumi hadi wiki mbili. Kwa hiyo kukwangua hakuliondoi tatizo. Kunalisambaza.

Mtaalamu wa ngozi aliyenipokea alinitazama kucha kwanza, kisha viwiko, ndipo akaja kichwani. Akaniambia, "Mwalimu, gamba si adui wa kupigana naye. Kazi yetu ni kulilainisha liachie lenyewe, ili dawa ipate njia ya kufika kwenye ngozi." Nilimuuliza kama ninyoe. Akasema nikitaka kupunguza nywele ni rahisi kupaka dawa, lakini si lazima, na wembe juu ya magamba asingeushauri hata kidogo, kwa sababu ileile ya majeraha.

Nieleze sasa jinsi usiku mmoja wa kulainisha unavyokwenda nyumbani kwangu, maana hapa ndipo watu wengi wananiuliza.

Naanza jioni ambayo kesho yake sina haraka, mara nyingi Jumamosi. Nywele zinafumuliwa zote. Mdogo wangu ananigawia kichwa sehemu nne na kuzibana kwa vibanio, kwa sababu nyuma sijioni. Mafuta ninayotumia ni ya nazi, yasiyo na manukato. Mama alileta chupa ya mawese, na kwa kweli mafuta yoyote laini yanalainisha, ila mawese yanatia rangi kwenye mashuka na harufu yake haitoki kichwani kwa urahisi, yakabaki jikoni. Usiku wa Juni au Julai mafuta ya nazi yanaganda kwenye chupa. Siyaweki jikoni juu ya mkaa. Natumbukiza chupa kwenye bakuli la maji ya moto mpaka yayeyuke, kisha namwaga tone kwenye kifundo cha mkono kwa ndani, pale kwenye mshipa. Yawe ya uvuguvugu tu. Ngozi iliyo chini ya magamba inaungua upesi, na kuungua nako ni jeraha.

Mdogo wangu anachana mstari, anapaka mafuta kwa ncha ya kidole kwenye ngozi, anasogea nusu inchi, anachana mwingine. Hapo asiyezoea hupotea njia: anamimina mafuta juu ya nywele, nywele zinang'aa, gamba linabaki kavu. Mafuta lazima yafike kwenye gamba lenyewe na kuachwa hapo. Hayasuguliwi. Gamba nene linapakwa, linasubiri kidogo linywe, linapakwa tena. Kabla hajaanza sehemu ya mbele najipaka vaselini kwenye paji la uso chini ya mabaka na juu ya nyusi, kisha nafunga kitambaa kilichosokotwa, ili yanayotiririka yasifike machoni. Mwisho navaa kofia ya plastiki ya kuogea. Zamani watu walifunga mfuko wa rambo, lakini mifuko ile imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na kofia hizi zinapatikana kwenye maduka ya vipodozi. Juu yake nafunga kanga. Joto la kichwa likizuiwa lisitoke, mafuta yanapenya vizuri zaidi. Saa chache zinatosha kwa gamba la wastani. Lile nene nalilaza mpaka asubuhi.

Asubuhi ndipo uvumilivu unapohitajika, na hapa mama yangu alisema neno ambalo mdogo wangu analirudia kila akishika kichwa changu: "Mwanangu, ukoko ukilowekwa unaachia sufuria; usioloa utauchokonoa mpaka utoboe."

Jinsi ya kujua gamba limeloa ni hivi. Gamba kavu ni jeupe na lina vumbi. Lililolowa linapoteza weupe, linakuwa kama limeiva, la manjano hafifu, na kingo zake zinajikunja juu zenyewe. Liguse kwa upande wa kidole, bila kucha, ulisukume kidogo. Likiteleza juu ya ngozi, limeachia. Likikokota ngozi au nywele zikainuka nalo, halijawa tayari, na dawa yake ni mafuta zaidi na muda zaidi. Sisi tumewekeana sharti kwamba nikisema "hapo" mdogo wangu anaacha mara moja na kuhamia sehemu nyingine. Maumivu madogo ya kuvutwa yanatangulia damu, hivyo hatusubiri damu ituambie.

Lililoachia linatolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kitana kilicholazwa karibu sambamba na kichwa, kisichosimamishwa wima. Anakizungusha taratibu kwa duara ndogo, nacho kinainua vipande vilivyolegea bila kuchimba. Ya pili ni kwa vile vipande vinavyoizunguka nywele kama mrija. Hapo mkono mmoja unashika nywele karibu na ngozi, ukiikandamiza ili shina lisivutwe, na vidole viwili vya mkono mwingine vinatelezesha kipande kutoka shinani kuelekea nchani mpaka kitoke. Ni kazi ya polepole. Hatumalizi kichwa kizima kwa siku moja, wala hatujaribu. Tunachagua sehemu moja au mbili, zilizobaki zinasubiri wiki ijayo.

Kuosha nako kuna utaratibu. Ukimwaga maji kwanza juu ya mafuta, mafuta yanabaki na magamba yaliyolegea yananata upya. Napaka shampuu kwenye nywele zikiwa bado na mafuta, bila maji, naikanda kwa ncha za vidole, ndipo naongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka itoe povu. Nasuuza, narudia mara moja. Mtaalamu alinipa pia shampuu ya lami ya makaa ya mawe kwa raundi ya pili, inayokaa kichwani dakika tano hadi kumi kabla ya kusuuzwa. Inanuka, lazima niseme, na inaweza kutia rangi nywele nyeupe. Kwa nywele zetu za kipilipili kuosha mara moja kwa wiki kulinitosha. Maelekezo ya kuosha kila siku yanayosomwa huku na kule yaliandikwa kwa nywele za aina nyingine, na yangezikausha na kuzikata hizi.

Kulikuwa na bamba moja utosini lililokataa mafuta. Unene wake ungeweza kuuhisi juu ya kilemba. Kwa hilo niliandikiwa marhamu yenye asidi ya salisiliki, asilimia 5. Asidi hii inalegeza gundi inayoshikanisha seli za gamba, kwa hiyo inafanya kile ambacho mafuta peke yake hayawezi. Inapakwa usiku juu ya gamba tu, inaoshwa asubuhi, na baada ya siku chache bamba lile likaanza kutoka kwa tabaka, la juu kwanza. Lakini ina mipaka yake. Haipakwi mahali palipopasuka au panapovuja. Utajua kwa mwako mkali usiotulia. Haipakwi eneo kubwa la mwili kwa sababu inaingia kwenye damu, na kwa mtoto mdogo, mjamzito au mwenye shida ya figo ni lazima aamue mtaalamu. Tena ikiendelea kupakwa gamba likishaisha, inaanza kuiudhi ngozi na kudhoofisha nywele zikakatika. Mimi niliacha palepale gamba lilipokuwa jembamba kiasi cha kuona ngozi chini yake.

Na hapo ndipo dawa yenyewe ya soriasisi inapoingia. Kulainisha gamba hakutibu baka. Kunafungua mlango tu. Nilikuwa na losheni ya betamethasoni ya kichwani, ambayo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi. Zamani niliipaka juu ya magamba kama nilivyoelekezwa dukani na sikuona kitu, kwani ilikuwa inaishia juu. Safari hii niliipaka kwenye ngozi iliyosafishwa na kukauka, mara moja kwa siku kwa wiki chache, halafu nikapunguza taratibu kwa ratiba niliyopewa. Muwasho ndio uliotangulia kuondoka, kabla hata baka halijabadilika rangi.

Sasa nje ya mstari wa nywele. Hili ndilo ninalotaka lieleweke vizuri, kwa sababu baka linaonekana moja, limeanzia kichwani likashuka usoni, na mtu anaona ni sawa kushuka na dawa ileile. Sivyo. Ngozi ya paji la uso na ya nyuma ya sikio ni nyembamba sana ikilinganishwa na ya kichwani. Steroidi kali inayovumilika utosini inaweza kuifanya ngozi ya uso iwe nyepesi, ionyeshe mishipa, ibadilike rangi, na ikiingia machoni mara kwa mara inaweza kupandisha shinikizo la jicho. Mtaalamu alinichorea mstari kwa kidole: "Juu ya hapa, losheni. Chini ya hapa, hii." Na hii ilikuwa krimu dhaifu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, kwa muda mfupi.

Habari njema ni kwamba magamba ya paji la uso hayana nywele za kuyashikilia, kwa hiyo yanatoka kirahisi zaidi. Asidi sikuihitaji kabisa. Vaselini iliyopakwa nene usiku, asubuhi kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu kikawekwa juu kwa dakika chache, kisha kufuta kwa upole kuelekea upande mmoja. Kilichobaki kinaachwa mpaka usiku unaofuata. Vile vinywele vyepesi vya mbele, ambavyo wanawake tunavilinda kuliko vyote, vipo hapohapo mpakani, na ndivyo vinavyong'oka kwanza ukisugua kwa taulo.

Nyuma ya sikio shida yangu ilikuwa ufa kwenye kunjo, uliouma kila nilipovaa miwani. Pale hapataki kulainishwa kwa nguvu yoyote. Nilipaosha, nikapakausha kwa kubonyeza kitambaa bila kusugua, nikapaka vaselini mpaka ufa ukafunga, ndipo nikaendelea na krimu dhaifu. Magamba yaliyoingia kwenye tundu la sikio sikuyagusa kwa njiti wala pini, yalitolewa kliniki.

Katika kipindi hicho jirani mmoja alinishauri krimu ya kung'arisha, kwamba ilimfutia yeye mabaka kwa wiki moja. Naamini ilimfutia. Baadhi ya krimu hizo zina steroidi kali sana ambayo haijaandikwa wazi, na mtu akiacha ghafla soriasisi inaweza kurudi kwa kishindo, pana kuliko ilivyokuwa. Vivyo hivyo vidonge vya steroidi vya kununua bila cheti. Na mafuta ya taa, ndimu na magadi, ambavyo vyote niliwahi kushauriwa, vinaunguza ngozi tu.

Nywele zilizong'oka utosini ziliota tena. Katika soriasisi ya kichwani nywele hupungua kwa sababu ya kuvutwa, kukunwa na uvimbe wa ngozi, lakini kwa kawaida shina halifi, na zinarudi ngozi ikitulia. Ukiona sehemu imekuwa laini na kung'aa, haina hata vitundu vya nywele, hilo ni suala jingine, lisisubiri. Kadhalika usaha, uvimbe wa tezi za shingoni, homa, au harufu. Kwa mtoto mwenye duara la magamba na nywele zilizokatika, mwoneni mtaalamu kwanza kabla ya mafuta, kwani huenda ni mapunye, na mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kumeza. Mwenye soriasisi kichwani anayeamka na vidole au visigino vimekakamaa na kuvimba aseme hivyo kliniki hata asipoulizwa, maana ugonjwa huu unaweza kushuka kwenye viungo, na vikiharibika havirudi. Kama kucha zina vitundu vidogo, aonyeshe. Mimi niliombwa pia nipime VVU, jambo la kawaida soriasisi inaposambaa ghafla, na sikuona ubaya.

Kusuka sijaacha. Nimebadilisha msusi, na huyu wa sasa wa Ujiji tumeelewana kabla hajashika kichwa. Hasuki kichwa chenye gamba nene. Anasubiri wiki nimalize kulainisha. Anasuka mistari mikubwa, iliyolegea, bila kuvuta vinywele vya mbele wala vya nyuma ya masikio, na ngozi kati ya mistari inabaki wazi ili losheni ipite na mdomo wa chupa. Dawa ya kunyoosha nywele hanitii hata nikimwomba, wala draya ya moto. Rasta hazikai zaidi ya wiki tatu. Siku ya kufumua, mdogo wangu anapaka mafuta kwanza kwenye kila fundo, maana magamba yaliyonaswa shinani mwa rasta yakivutwa makavu yanaondoka na nywele.